Arubuni au Malipo ya Kutanguliza: Fedha Inabaki kwa Nani Mnunuzi Akijitoa?

Nyundo ya mnadi iligonga mezani, na mali iliyokuwa imewekwa rehani huko Jamaika ikapata mnunuzi kwa dola za nchi hiyo 11,500,000. Muuzaji alikuwa benki iitwayo Workers Trust, mnunuzi kampuni iitwayo Dojap. Masharti ya mnada yalisema mshindi alipe papo hapo asilimia 25 ya bei, na salio lote ndani ya siku 14. Asipotimiza, fedha ya mwanzo inaliwa. Dojap ikalipa 2,875,000 siku ile ile. Siku 14 zikapita salio halijafika. Wiki moja baadaye kampuni ikaja na fedha yote iliyobaki, pamoja na riba ya siku ilizochelewa. Benki ikakataa kuipokea, ikavunja mkataba na kutangaza kwamba zile 2,875,000 sasa ni zake.

Ukiwauliza watu kumi benki ilikuwa na haki au haikuwa nayo, wengi watakuomba uwasomee mkataba. Na mkataba ulikuwa wazi kabisa. Neno lililotumika ni la arubuni, sharti la kuliwa lilikuwepo, tarehe ilikuwepo, na mnunuzi mwenyewe hakubisha kwamba alichelewa. Hata hivyo kesi ilipanda hadi Baraza la Faragha la London, ambalo lilikuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa Jamaika, na mwaka 1993 benki ikaamriwa kurudisha fedha yote. Haikuambiwa irudishe sehemu tu. Ilirudisha yote.

Mimi huikumbuka kesi hii kila ninapoona risiti yenye muhuri wa wino mwekundu: FEDHA IKISHALIPWA HAIRUDISHWI. Muhuri ule una kazi ya kumtisha mteja asiulize. Kisheria hauamui mengi, kwa sababu kinachoamua ni fedha ile ilitolewa kwa kazi gani. Jina lililoandikwa juu yake ni ushahidi mmoja tu kati ya mengi.

Kazi zenyewe ni mbili. Fedha inaweza kutolewa kama sehemu ya bei iliyotangulia mbele ya wenzake: leo nakupa theluthi, kesho theluthi, ukinikabidhi kitu namalizia. Hayo ni malipo ya kutanguliza. Au inaweza kutolewa ili kumwonyesha mwenzako kwamba huna mzaha, kwamba ukimwachia mali mkononi baada ya kuwakatalia wateja wengine, kuna kitu chako atabaki nacho. Hiyo ni arubuni. Mambo yakienda sawa huwezi kuzitofautisha, maana zote mbili hukatwa kwenye bei. Tofauti hujitokeza siku biashara inapovunjika, na siku hiyo kila upande hukumbuka jina linalomfaa.

Neno arubuni lenyewe limetembea sana. Kwa Kiarabu ni urbun au arabun. Kwa Kiebrania ni erabon, na ndilo lililotumika katika Mwanzo sura ya 38, Yuda alipomwachia Tamari muhuri wake, kamba na fimbo hadi atakapomletea mwana-mbuzi. Likaingia katika Kigiriki, kisha katika Kilatini likawa arra, na Wafaransa hadi leo wanaliita arrhes. Mswahili ana bahati ya kuwa na neno ambalo limebeba maana hiyo kwa muda mrefu hivyo, halafu kwenye risiti zake anaandika “depoziti”, “advansi”, “kianzio” na “kishika nafasi” kana kwamba yote ni kitu kimoja.

Tuanze na arubuni, kwa sababu ndiyo inayoweza kuliwa.

Kesi ambayo mahakama zinazofuata mkondo wa sheria ya Uingereza huirudia ni ya mwaka 1884, Howe dhidi ya Smith. Mtu aliahidi kununua ardhi kwa pauni 12,500 akalipa 500 mkononi, zilizoandikwa kuwa ni arubuni na pia sehemu ya bei. Akachelewa, akachelewa tena, muuzaji akachoka akamuuzia mwingine. Mkataba haukusema popote kwamba mnunuzi akishindwa zile 500 zitaliwa. Mahakama ya Rufaa ilisema haikuwa lazima kusema. Arubuni kwa asili yake ni dhamana kwamba mtoaji atatimiza ahadi, na dhamana isiyoweza kuchukuliwa mtu anapovunja ahadi haimdhamini yeyote.

Hapo kuna jambo ambalo watu wengi hulipitia haraka. Muuzaji mwenye arubuni halisi halazimiki kuthibitisha hasara. Hata akiuza mali ile kesho yake kwa bei ya juu zaidi, arubuni inabaki yake. Hili ni jambo la ajabu, maana kanuni ya kawaida ya mikataba husema aliyevunjiwa ahadi alipwe alichopoteza na si zaidi. Arubuni imeachiwa mlango wa nyuma. Ikishaachiwa mlango huo, kila muuzaji atataka kupitishia humo gunia zima.

Na ndicho benki ya Jamaika ilichojaribu. Baraza la Faragha lilijiuliza: kama kuchukua fedha bila kuthibitisha hasara kunaruhusiwa kwa sababu tu fedha hiyo ni dhamana ya dhati, ni kiasi gani kinaweza kuitwa dhamana ya dhati? Katika mauzo ya ardhi, desturi ya muda mrefu imekuwa asilimia 10. Desturi hiyo haina hesabu ya kisayansi nyuma yake, na mahakama ilikiri hivyo, lakini imekubalika. Anayetaka zaidi ya hapo inambidi aonyeshe sababu maalumu ya biashara ile inayohalalisha ziada. Benki ilijitetea kwamba benki nyingine za nchi hiyo pia hutoza zaidi ya asilimia 10 katika minada yao. Jibu likawa kwamba kundi moja la wauzaji wenye nguvu haliwezi kujitungia kipimo cha uadilifu kwa kurudia jambo lile lile mara nyingi. Benki ikataja pia kodi ya uhamisho wa mali, asilimia 7.5, ambayo muuzaji alipaswa kuilipa mapema. Nayo haikutosha kueleza asilimia 25.

Sasa angalia hesabu, kwa sababu hapa ndipo utamu wa kesi ulipo. Asilimia 10 ya bei ni 1,150,000. Mahakama ya Rufaa ya Jamaika ilikuwa imeamua kwa busara ya mzee wa mtaa: benki ibaki na 1,150,000, irudishe 1,725,000 iliyozidi. Suluhisho hilo linaonekana la haki. Baraza la Faragha lililikataa. Lilisema pande hizi mbili hazikukubaliana juu ya arubuni ya asilimia 10 na kitu kingine cha asilimia 15. Zilikubaliana juu ya fungu moja la asilimia 25, na fungu hilo kwa ukubwa wake si arubuni hata kidogo, ni adhabu. Mahakama haina kazi ya kumkatia muuzaji arubuni halali kutoka kwenye kitambaa cha adhabu aliyoitaka. Kwa hiyo zote 2,875,000 zilirudi na riba yake, na benki ikabakiwa na haki moja tu, ile ya kila muuzaji: ithibitishe hasara iliyoipata kwa mnunuzi kuvunja mkataba, ikatwe humo.

Nadhani uamuzi huo ni mkali na ni sahihi. Kama kila aliyeomba kupita kiasi angerudishwa kwenye kiwango halali, hakuna ambaye angekuwa na sababu ya kuomba kiwango halali tangu mwanzo. Angeomba robo, wengi wa wanunuzi wasio na wakili wangenyamaza, na yule mmoja atakayefika mahakamani angemgharimu tu ile ziada. Hukumu ya 1993 inamwambia muuzaji kwamba tamaa yake inaweza kumnyima hata kile ambacho angekipata bila ubishi.

Asilimia 10, hata hivyo, ni kipimo cha ardhi na majengo. Si amri ya kila biashara. Ukumbi uliozuiwa kwa siku moja ambayo haiwezi kuuzwa tena ukiwa umebaki usiku mmoja ni jambo tofauti na gari lililo kwenye uwanja wa muuzaji ambalo litapata mteja mwingine wiki ijayo. Mwenye ukumbi anaweza kuhalalisha fungu kubwa zaidi, kwa sababu hasara yake inakua kadiri siku inavyokaribia. Ndiyo maana masharti ya kujitoa yanayopanda kwa ngazi, kidogo ukijitoa miezi mitatu kabla na zaidi ukijitoa wiki moja kabla, husimama imara kuliko sharti moja la “hairudishwi” linalomtoza sawa aliyejitoa mapema na aliyejitoa asubuhi ya shughuli.

Malipo ya kutanguliza yana habari nyingine kabisa. Hapa hata mwenye kosa anaweza kudai fedha yake, na watu hushangaa wakiambiwa hivyo.

Mfano ninaoupenda unatoka Mahakama Kuu Kabisa ya India, kesi ya Fateh Chand dhidi ya Balkishan Das iliyoamuliwa mwaka 1963. Mali ya Delhi ilikuwa ikiuzwa kwa rupia 112,500. Siku ya kutia saini mnunuzi alitoa 1,000, na mkataba ukaziita arubuni. Baadaye, alipokabidhiwa mali, akatoa 24,000 nyingine kama sehemu ya bei. Mkataba ukasema kwamba asipokamilisha, zote 25,000 zitaliwa. Hakukamilisha, na mahakama ilikubali kwamba kosa lilikuwa lake. Muuzaji akataka zote. Mahakama ya chini yake ilimpa 11,250, yaani ile asilimia 10 ya desturi. Mahakama ya juu ikasema hapana: zile 1,000 ni arubuni, abaki nazo. Zile 24,000 ni bei iliyotangulia, na neno la mkataba haliwezi kuzigeuza arubuni. Kutoka humo muuzaji angepata tu hasara aliyoithibitisha, na hakuonyesha kwamba mali ilikuwa imeshuka thamani. Kwa kuwa mnunuzi alikuwa ameikalia mali, alitakiwa kulipia matumizi yake kwa miezi aliyokaa. Hilo ndilo lililokatwa.

Fedha zote mbili zilitolewa na mtu mmoja, kwa muuzaji mmoja, chini ya karatasi moja, na sharti moja la kuliwa lilizifunika zote. Bado mahakama ilizitenganisha kwa kazi zake. Uamuzi huo ulisimama juu ya kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, kinachosema kwamba pale mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa ukivunjwa, aliyevunjiwa apate fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Kifungu hicho kilisafiri: Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, nayo ina kifungu cha 74 chenye kazi hiyo hiyo.

Kuna kizuizi kimoja ambacho mteja anayedai malipo yake ya kutanguliza lazima akijue. Kama ulichoagiza ni kitu kilichokwisha kuwepo, fedha yako ilikuwa inangojea kukabidhiwa tu, na kitu kisipokabidhiwa inarudi, ikikatwa hasara. Kama ulichoagiza ni kazi, basi kila awamu ya malipo huenda ililipia hatua iliyokwisha kufanyika. Mwaka 1980 majaji wa Baraza la Mabwana la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, waliamua kesi ya meli iliyokuwa ikijengwa na kampuni ya Hyundai. Mnunuzi alishindwa kulipa awamu, mjenzi akavunja mkataba, na swali likawa kama awamu iliyokuwa imeiva kabla ya kuvunjwa bado inadaiwa. Waliamua inadaiwa, kwa sababu mjenzi wa meli hauzi chuma tu, anachora, ananunua vifaa, anawalipa mafundi, na awamu zile zilimlipia kazi hiyo ikiendelea. Fundi aliyekwisha kupasua mbao kwa vipimo vya chumba chako yuko upande wa Hyundai. Muuza duka aliyeweka kabati lako nyuma ya kaunta yuko upande mwingine. Jiulize kama siku ulipojitoa kulikuwa na kitu kilichofanyika kwa ajili yako tu, kisichoweza kumfaa mtu mwingine.

Hadi hapa nimesema mnunuzi ndiye aliyejitoa. Muuzaji akiwa ndiye aliyevunja mambo, hakuna jina litakalomwokoa: arubuni inarudi, kianzio kinarudi, advansi inarudi, na muhuri mwekundu haumsaidii kitu, kwa kuwa dhamana ilitolewa dhidi ya kosa la mtoaji, si dhidi ya kosa la mpokeaji. Vivyo hivyo pale ambapo mkataba haukuwa umefungwa bado. Ukitoa fedha ili “tuandikishiane baadaye tukikubaliana”, na makubaliano yasipatikane, hakuna ahadi iliyovunjwa, kwa hiyo hakuna cha kuliwa. Mahakama ya Uingereza ilisema hivyo wazi katika kesi ya Chillingworth dhidi ya Esche. Madalali wengi wanaishi humu, kwenye ukungu wa kabla ya mkataba, wakichukua “kishika nafasi” kwa kitu ambacho mwenyewe hajakubali kukiuza.

Na ikiwa hakuna mwenye kosa? Kampuni ya Poland iitwayo Fibrosa iliagiza mashine Uingereza kwa pauni 4,800 ikatanguliza 1,000. Vita vya 1939 vikaifanya safari ya mashine hizo isiwezekane. Mwaka 1942 iliamuliwa kwamba zile 1,000 zirudi, kwa kuwa mlipaji hakupata chochote kati ya alichokilipia. Mjenzi wa mashine alikuwa ameshatumia fedha na jasho, na ugumu huo ulisababisha bunge kutunga sheria mwaka uliofuata inayoiruhusu mahakama kumwachia mpokeaji kiasi cha gharama zake.

Mkondo mwingine wa sheria, ule wa bara la Ulaya, umelitazama jambo hili kwa jicho ambalo nadhani linafaa zaidi kwa watu wa kawaida, kwa sababu linaifanya arubuni ikate pande zote mbili. Kifungu cha 1590 cha Kanuni ya Kiraia ya Ufaransa kinasema aliyetoa arrhes akijitoa anazipoteza, na aliyezipokea akijitoa anarudisha maradufu. Kanuni ya Kiraia ya Urusi, kifungu cha 381, ina hesabu ile ile: kosa likiwa la mtoaji fedha inabaki kwa mwenzake, kosa likiwa la mpokeaji anarudisha mara mbili. Jaribu kumwambia muuzaji wa muhuri mwekundu kwamba arubuni unayompa akikugeuka atadaiwa mara mbili yake. Utaona jinsi atakavyogundua ghafla kwamba ilikuwa ni advansi tu.

Nchi hizo mbili zinatofautiana pale karatasi inaponyamaza. Urusi, kifungu cha 380, inasema penye shaka fedha hiyo ihesabiwe kuwa malipo ya kutanguliza, basi inarudi. Ufaransa, katika mikataba kati ya mfanyabiashara na mlaji, inasema kinyume: isipoandikwa vingine, ni arrhes. Ukisikia hivyo unaweza kudhani Wafaransa wamemtupa mlaji. Sivyo. Kwa Mfaransa arrhes ni bei ya kujitoa. Mlaji anayebadili mawazo anaiacha pale na kuondoka, na muuzaji hawezi kumfuata kwa salio la bei wala kwa fidia ya juu yake. Angekuwa ametoa malipo ya kutanguliza, angekuwa amefungwa na mkataba mzima. Kwa hiyo arubuni ina sura mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Katika sura ya Uingereza ni dhamana: ukivunja ahadi inaliwa, na hasara ikiizidi bado unadaiwa kilichobaki. Katika sura ya Ufaransa ni mlango: umelipia haki ya kutoka, ukitoka hudaiwi zaidi.

Sura ya mlango inafahamika pia katika fikihi. Imamu Malik aliielezea katika Muwatta: mtu ananunua au anakodi, anatoa dinari na kusema kwamba akiacha, alichotoa ni cha mwenye mali bila malipo yoyote. Malik hakuiruhusu, wala madhehebu ya Shafi na Hanafi, kwa hoja kwamba muuzaji anakula mali ya mtu pasipo kumpa kitu. Wahanbali waliiruhusu, wakitegemea habari ya nyumba iliyonunuliwa Makka kutoka kwa Safwan bin Umayya ili iwe gereza katika ukhalifa wa Umar. Mwaka ule ule wa 1993 Baraza la Faragha lilipoamua kesi ya Dojap, Baraza la Fikihi la Kimataifa lilikutana Brunei likaikubali arubuni, kwa sharti muda wa kungojea uwe umetajwa. Sharti hilo ni la watu wanaojua biashara. Kinacholipiwa ni muda ambao muuzaji ameizuia mali yake. Muda usipotajwa, haijulikani mnunuzi amechelewa lini, wala muuzaji ameuza nini.

Tuyaweke haya kwenye mkataba mmoja. Mtu ananunua mashine kwa 10,000,000, kwa sarafu yoyote. Anatoa 4,000,000, risiti inasema “depoziti, hairudishwi”. Baada ya wiki tatu anasema hataki tena. Muuzaji anaihifadhi mashine kwa gharama ya 150,000 kisha anaiuza kwa 9,400,000. Hasara yake ni 600,000 ya bei na 150,000 ya ghala, jumla 750,000. Asilimia 40 ni vigumu sana kuitetea kama dhamana ya dhati. Ikishakataliwa, muuzaji anakata 750,000 na kurudisha 3,250,000, tena akiwa na risiti za ghala na hati ya mauzo ya pili mkononi. Asipokuwa nazo, anarudisha zaidi.

Sasa fikiria risiti ingegawa fedha ile: 1,000,000 arubuni, 3,000,000 malipo ya kutanguliza. Katika sheria ya mkondo wa Uingereza muuzaji angebaki na 1,000,000 bila kuonyesha karatasi ya ghala, angerudisha 3,000,000, na mambo yangeishia dukani. Na kama mashine ingeuzwa kwa 8,550,000 tu, hasara ingekuwa 1,600,000. Arubuni ingehesabiwa humo, na 600,000 iliyosalia ingekatwa kwenye malipo ya kutanguliza, mnunuzi akarudishiwa 2,400,000. Muuzaji hapati arubuni na fidia nzima juu yake, kosa ambalo wauzaji hulifanya mara kwa mara wanapopiga hesabu wenyewe. Ona kwamba muuzaji aliyeandika 1,000,000 analindwa vizuri kuliko yule aliyeandika 4,000,000.

Kwa hiyo ningependa kuona sentensi ya namna hii kwenye risiti: “Nimepokea 1,000,000 kama arubuni na 3,000,000 kama sehemu ya bei. Mnunuzi akishindwa kukamilisha hadi tarehe fulani kwa kosa lake, arubuni ni ya muuzaji, na sehemu ya bei itarudishwa ndani ya siku 14, ikikatwa hasara iliyothibitishwa inayozidi arubuni. Muuzaji akishindwa, atarudisha zote.” Nani ataongeza neno “maradufu” mwishoni ni suala la nani anaihitaji zaidi biashara hiyo.

Kuna jambo la mwisho ambalo halimo kwenye risiti: fedha inalala wapi. Haki ya kurudishiwa ni dai dhidi ya mtu, na mtu huyo anaweza kuwa ameshaitumia fedha kununua mzigo mwingine. Katika mauzo ya mali kubwa, arubuni hukaa kwa wakili au mtu wa tatu anayeishika kwa niaba ya pande zote mbili, haruhusiwi kuitoa hadi ijulikane ni ya nani. Lakini angalia ameandikwa vipi. Wakili aliyeipokea “kwa niaba ya muuzaji” ni mfuko wa muuzaji tu, na akimpelekea jioni ile ile hajakosea.